Herufi kubwa kwenye vichwa vya slaidi: tafuta zilikotoka kabla ya kuzirekebisha

Mwaka jana nilikabidhiwa slaidi 31 za mkutano mkuu wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho huku kusini mwa Tanzania. Zilikuwa zimeandikwa na watu wanne: mhasibu, afisa masoko, bwana ghala na katibu. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha ziwe faili moja, na nilidhani nimemaliza baada ya kusawazisha rangi na ukubwa wa maandishi. Siku ya kuzipitia na bodi, mzee mmoja mjumbe alinyoosha mkono tukiwa slaidi ya 14.

"Mwanangu, kule mwanzo umeandika mnada wa tatu. Hapa naona Mnada Wa Tatu, kwa herufi kubwa. Ni mnada uleule au huu ni mwingine?"

Ulikuwa uleule. Nikamwambia, "Ni huohuo, mzee, nitarekebisha," lakini swali lake lilinikaa. Mzee alisoma sawasawa kabisa. Katika Kiswahili, herufi kubwa katikati ya maneno humwambia msomaji kwamba hapo pana jina. Ukiiweka mahali pasipo na jina, msomaji makini ataanza kulitafuta.

Maelezo yanayofuata yametokana na kazi ya kuzitengeneza slaidi zile. Nitatumia majina mawili ili tusichanganyikiwe. Mtindo wa sentensi ni ule ambao neno la kwanza na majina halisi tu ndiyo yenye herufi kubwa: "Mapokezi ya korosho kwenye maghala ya Newala". Mtindo wa jalada ni ule tunaouona kwenye majalada ya vitabu na sera, ambapo kila neno lenye uzito huanza kwa herufi kubwa: "Mapokezi ya Korosho kwenye Maghala ya Newala". Nazungumzia PowerPoint ya kwenye kompyuta yenye Windows, na nitataja Google Slides pale inapotofautiana.

## Dalili ya kwanza: unaona vichwa havilingani, ila hujui ni vingapi

Kupitia slaidi moja moja kwa macho hakutoshi. Jicho linavutwa na picha na jedwali, na ukifika slaidi ya 20 umeshasahau ya 6 iliandikwaje. Kinachotakiwa ni vichwa vyote vikae pamoja, kimoja chini ya kingine, bila mapambo.

Njia nyepesi ni kufungua `View` kisha `Outline View`. Upande wa kushoto utaona vichwa na maandishi ya slaidi zote. Mimi napendelea orodha tupu, kwa sababu hapo naona herufi zilivyopigwa kwenye kibodi, si zinavyoonekana kwenye skrini. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo. Bonyeza `Alt+F11`, chagua `Insert` kisha `Module`, bandika msimbo huu, kisha bonyeza `F5`. Majibu yatatokea kwenye dirisha linalofunguka kwa `Ctrl+G`.

```vba
Sub OrodheshaVichwa()
    Dim s As Slide, t As String
    For Each s In ActivePresentation.Slides
        If s.Shapes.HasTitle Then
            t = s.Shapes.Title.TextFrame.TextRange.Text
            t = Replace(t, vbCr, " [ENTER] ")
            t = Replace(t, Chr(11), " / ")
        Else
            t = "HAKUNA KICHWA"
        End If
        Debug.Print s.SlideIndex & vbTab & t
    Next s
End Sub
```

Huna haja ya kuuhifadhi msimbo huo ndani ya faili. Ukihifadhi kama `.pptx` ya kawaida, programu itakuonya kwamba msimbo utaachwa nje, kubali tu. PowerPoint ya kwenye kivinjari haiendeshi msimbo wa aina hii, kwa hiyo fungua faili kwenye programu ya kompyuta.

Sehemu ya orodha niliyoipata siku ile ilikuwa hivi:

```
6   Mapokezi ya korosho ghalani
9   mauzo ya korosho Kwa mnada
14  Mnada Wa Tatu Na Bei Zake
17  Malipo ya wakulima [ENTER] Hadi mwisho wa Desemba
21  HAKUNA KICHWA
26  Deni la pembejeo kwa bodi ya korosho tanzania
```

Slaidi sita, magonjwa matano, na dawa ya mmoja haitibu mwingine. Ukikimbilia kitufe cha kubadili herufi kabla hujajua ugonjwa, unaweza kuharibu zaidi. Mimi nilifanya hivyo nikalazimika kuanza upya kutoka nakala ya jana yake.

## Dalili ya pili: kichwa kimeandikwa chote kwa herufi kubwa, na kitufe cha `Aa` hakifanyi kitu

Slaidi ya 9 kwenye skrini ilisomeka MAUZO YA KOROSHO KWA MNADA. Nikakiteua kichwa, nikabofya `Aa` pale `Home`, nikachagua `Sentence case.`, hakikubadilika. Nikajaribu `Shift+F3`, ambayo huzungusha mitindo ya herufi, nayo pia nikaona kichwa kimetulia palepale.

Linganisha na orodha hapo juu. Herufi zilizopigwa zilikuwa ndogo, na ile "Kwa" yenye K kubwa ilikuwa imejificha. Ukubwa ulioonekana ulikuwa vazi tu, unaoitwa `All Caps`. Hauzigusi herufi zenyewe, unabadilisha zinavyochorwa. Kwa hiyo kitufe cha `Aa` kilikuwa kinafanya kazi yake chini ya vazi, na mimi sikuwa naona.

Kipimo ni hicho: skrini ikionyesha herufi kubwa tupu na orodha ikionyesha ndogo, ni vazi. Vyote viwili vikionyesha kubwa, mtu aliandika huku `Caps Lock` ikiwaka, na hapo `Aa` itafanya kazi.

Baada ya hapo uliza vazi limevaliwa wapi. Kuna ngazi tatu, na unatakiwa kuanza juu. Fungua `View` kisha `Slide Master`. Kijipicha kikubwa cha juu kabisa upande wa kushoto ndicho mama wa slaidi zote. Bofya ukingo wa kisanduku chake cha kichwa, bonyeza `Ctrl+T`, uangalie kama `All Caps` ina tiki. Iondoe. Chini ya mama kuna mipangilio midogo midogo, na mmoja wao unaweza kuwa na vazi lake mwenyewe. Mara nyingi huwa ni ule wa slaidi za kutenganisha sura. Ngazi ya tatu ni slaidi yenyewe, ambako mtu aliteua kichwa kimoja akakivisha kwa mkono.

Kwetu tatizo lilikuwa kwa mama, tena mama wa pili. Afisa masoko alikuwa ameanzia kwenye kiolezo kingine, na nilipobandika slaidi zake nilichagua `Keep Source Formatting`, zikaja na mama yao. Ukiona vijipicha vikubwa viwili ndani ya `Slide Master`, ujue una kaya mbili ndani ya faili moja, na kila moja ina sheria zake za herufi. Nilizihamishia slaidi zile kwenye mipangilio ya mama wa kwanza kupitia `Home` kisha `Layout`, nikamfuta mama wa pili. Siku hizi nikibandika slaidi za mtu mwingine nachagua `Use Destination Theme`.

Kuna kitufe cha `Reset` pale `Home` ambacho huvua mapambo yote ya mkono na kurudisha kichwa kwenye sheria za mpangilio wake. Kinasaidia sana, ila kinarudisha pia mahali na ukubwa wa visanduku. Kama mtu alikuwa amesogeza kichwa ili picha ya ghala itoshee, kitarudi juu ya picha.

Ukishavua vazi, uchafu wa chini unaonekana. Usishtuke ukiona vichwa sasa vimekuwa vibaya kuliko mwanzo. Ndivyo vilivyokuwa siku zote.

## Dalili ya tatu: "Ya", "Na", "Wa" na "Kwa" zimesimama na herufi kubwa

"Mnada Wa Tatu Na Bei Zake." Hii ni alama ya kifaa, kwa sababu mtu aliyezoea kusoma Kiswahili kilichochapwa hawezi kuandika hivi kwa mkono wake. Tazama majina rasmi tunayoyaona kila siku: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Benki Kuu ya Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo. Viunganishi ni vidogo. Aliyezikuza ni chaguo la `Capitalize Each Word` la PowerPoint, au `Title Case` ya Google Slides inayopatikana `Format`, `Text`, `Capitalization`. Kifaa hakijui "wa" ni nini. Kinaona nafasi, kinakuza herufi inayofuata.

Kama vichwa vilitayarishwa kwanza kwenye Excel kwa fomula ya `PROPER`, utaona kitu cha ajabu zaidi. Fomula ile hukuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi, ikiwamo kile kikato cha juu. Matokeo yake:

```
=PROPER("ng'ombe wa maziwa")   →   Ng'Ombe Wa Maziwa
```

Ukikuta "Ng'Ombe" au "Ng'Ambo" kwenye slaidi, usimlaumu mwandishi, tafuta jedwali la Excel alikotoa.

Hapa ndipo inabidi uchague mtindo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtindo wa jalada umekuja na sheria zilizotungwa kwa lugha nyingine. Mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kwa mfano, unasema kila neno lenye herufi 4 au zaidi lianze kwa herufi kubwa, pamoja na nomino na vitenzi hata vikiwa vifupi. Jaribu kuupima kwenye Kiswahili. "Katika" ina herufi 6, kwa hiyo itakuwa kubwa, ilhali "kwa" itabaki ndogo, na zote mbili zinafanya kazi ileile. "Kwa sababu ya" itakuwa "kwa Sababu ya", kana kwamba Sababu ni mtu. "Baada ya" je? Wengine watasema ni kihusishi, wengine ni nomino iliyogeuzwa kazi, na kila mmoja atakuwa na kichwa chake. "Ni" katika "Bei ni nzuri" inafanya kazi ya kitenzi, kwa hiyo kwa sheria ile tungeandika "Bei Ni Nzuri", na sijawahi kuona mhariri wa Kiswahili akiipenda. Tena kuna "ghalani", ambamo "kwenye" imeshajibandika ndani ya nomino yenyewe. Neno moja limebeba lenye uzito na lisilo na uzito kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, kwenye slaidi zenye vichwa vinavyosema jambo, mimi nachagua mtindo wa sentensi bila kusitasita. Linganisha:

Mnada wa Tatu Ulichelewa kwa Sababu Magunia Hayakufika

Mnada wa tatu ulichelewa kwa sababu magunia hayakufika

Cha kwanza kinakufanya uruke kama unavuka mto kwa mawe. Cha pili unakisoma kwa pumzi moja, na kama kungekuwa na jina la mahali ndani yake, lingejitokeza lenyewe. Mwongozo wa uandishi wa Microsoft nao unataka vichwa vya mtindo wa sentensi, kwa hiyo huko hauendi kinyume na waliotengeneza programu.

Mtindo wa jalada una mahali pake. Slaidi ya kwanza yenye jina rasmi la mkutano inaupokea vizuri, kwa kuwa lile kweli ni jina. Vivyo hivyo faili ambayo vichwa vyake vyote ni vifupi vya maneno mawili au matatu, kama "Mapato na Matumizi". Ikiwa ofisi yako imeshaamua mtindo wa jalada, usitumie sarufi kuamua neno lipi liwe dogo, tumia orodha. Hii inatosha kwa kazi nyingi: ya, wa, za, la, cha, vya, pa, kwa, na, au, ni, si, katika, kwenye, hadi, bila, kama. Yaliyomo humo huwa madogo kila mahali isipokuwa yakianza kichwa. Yasiyokuwamo huwa makubwa. Hamna mjadala tena, na mtu mgeni anaweza kuifuata kuanzia siku yake ya kwanza.

Kuzirudisha chini zile "Wa" na "Na" kunawezekana kwa `Ctrl+H`, ukitia tiki `Match case`, ukitafuta " Wa " yenye nafasi pande zote mbili na kuweka " wa ". Usibofye `Replace All`. Utafutaji huo unapita pia kwenye maandishi ya chini ya slaidi, na sentensi inayoanza "Na hivyo..." baada ya nukta itaharibika, kwa sababu nayo ina nafasi mbele yake. Nenda na `Find Next` moja moja.

## Dalili ya nne: majina yamezama

Nilipokuwa nimeamua mtindo wa sentensi, nilifanya kosa la haraka. Niliongeza mstari huu chini ya ule unaosoma kichwa kwenye msimbo, nikauendesha:

```vba
s.Shapes.Title.TextFrame.TextRange.ChangeCase ppCaseSentence
```

Vichwa vyote vikawa vya mtindo wa sentensi kwa mara moja. Pia "Bodi ya Korosho Tanzania" ikawa "bodi ya korosho tanzania", Newala ikawa "newala", na AMCOS, kifupisho cha Kiingereza cha vyama vya ushirika vya mazao, ikawa "amcos". `Sentence case.` ya kitufe ina tabia hiyohiyo: inaishusha kila herufi isipokuwa ya mwanzo wa sentensi. Haijui Newala ni wilaya.

Ndiyo maana slaidi ya 26 kwenye orodha yangu ilikuwa na "tanzania" hata kabla sijagusa kitu. Mtu alishabofya kitufe kile kabla yangu. Ukikuta jina la nchi au la wilaya kwa herufi ndogo ndani ya kichwa ambacho vinginevyo ni safi, sababu karibu kila mara ni hiyo.

Dawa ni kuandika majina kwenye karatasi kabla ya kubadilisha. Pitia orodha ya vichwa na uyaandike yote kama yanavyotakiwa kusomeka. Kwetu yalikuwa 11 tu. Kisha badilisha herufi, kisha yarudishe kwa `Ctrl+H` huku `Match case` ikiwa na tiki, ukianza na yale marefu: "bodi ya korosho tanzania" irudi nzima, si neno moja moja. Ukitafuta "bodi" peke yake utaikuza pia bodi ya chama chenyewe, ambayo pengine mmeamua iwe ndogo.

Kuna majina yanayofanana na maneno ya kawaida, na hayo yarudishe kwa mkono. Mkoa wa Pwani ni jina. "Mikoa ya pwani" si jina. "Kusini" inaweza kuwa sehemu ya jina la mkoa wa Unguja au upande tu wa dira. Na kuna maneno ambayo ofisi yenyewe lazima iamue: Serikali au serikali, Chama au chama, Mwenyekiti au mwenyekiti. Nyaraka nyingi za umma huandika Serikali kwa herufi kubwa. Katibu wetu alitaka Chama kwa herufi kubwa kila kinapotajwa, kwa sababu ndivyo katiba yao ilivyoandikwa, na alikuwa na haki. Niliandika uamuzi huo pembeni ya yale majina 11, nikaufuata hadi slaidi ya mwisho.

Google Slides haina chaguo la mtindo wa sentensi kwenye menyu yake. Huko unachagua `lowercase`, kisha unakuza herufi ya kwanza na majina kwa mkono. Orodha ya majina inahitajika zaidi huko kuliko kwenye PowerPoint.

## Dalili ya tano: herufi kubwa imechomoza katikati ya kichwa, na ukiishusha inarudi

Slaidi ya 17: "Malipo ya wakulima", kisha mstari wa pili "Hadi mwisho wa Desemba". Bwana ghala alitaka kichwa kikatike mahali pazuri akabonyeza `Enter`. Kwake ulikuwa mstari mpya. Kwa PowerPoint ilikuwa aya mpya, na aya mpya huanza kwa herufi kubwa. `AutoCorrect` ikaikuza "hadi" yenyewe bila kuuliza, na msimbo wangu wa kubadili herufi nao ungeikuza tena kila mara.

Kwenye orodha utaiona kwa neno `[ENTER]` nililoliweka makusudi. Futa mkato huo, kisha ukitaka mstari ukatike hapo bonyeza `Shift+Enter`. Kichwa kitabaki aya moja, na kwenye orodha kitaonyesha mkwaju badala yake. Fanya hivi kabla ya kubadili herufi za faili nzima, vinginevyo utazirudia.

Sababu nyingine ni nukta za vifupisho. "Ghala Na. 4 limejaa" ni salama kwa kuwa kinachofuata nukta ni tarakimu. Lakini andika "Gharama k.m. usafiri na magunia" na "usafiri" inaweza kukuzwa, kwa kuwa programu imeona nukta na nafasi ikadhani sentensi imeisha. Fungua `File`, `Options`, `Proofing`, `AutoCorrect Options`, kisha `Exceptions`, uongeze `k.m.` na vifupisho vingine unavyotumia. Au andika "kwa mfano", kichwa cha slaidi kina nafasi ya kutosha.

Nukta mbili ni suala tofauti, maana hapo anayekuza ni mtu. "Msimu uliopita: Mafanikio na changamoto" na "Msimu ujao: matarajio" zilikuwa slaidi mbili zinazofuatana. Kwenye mtindo wa sentensi mimi naacha herufi ndogo baada ya nukta mbili. Ukichagua kubwa si kosa, mradi iwe kubwa kote.

## Dalili ya sita: slaidi ina kichwa kwenye skrini, orodha inasema hakuna

Slaidi ya 21 ilikuwa na kichwa kizuri, kikubwa, cha kijani. Kilikuwa ndani ya kisanduku cha kawaida cha maandishi kilichowekwa juu ya slaidi tupu. Kwa PowerPoint hicho si kichwa, ni maandishi yaliyosimama mahali pa kichwa. Ndiyo maana hakikuonekana kwenye orodha wala `Outline View`, hakikuguswa na mama, na kingebaki na herufi zake za zamani baada ya vingine vyote kusawazishwa. Msikilizaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini naye hakipati kama kichwa.

Nenda `Home`, `Layout`, uchague mpangilio wenye kichwa. Kisanduku halisi kitatokea kikiwa tupu. Kata maandishi kutoka kile cha zamani, yabandike kama maandishi matupu, ufute kile cha zamani. Ukiwa na slaidi nyingi za namna hii, `Review` kisha `Check Accessibility` itakutajia zote zisizo na kichwa.

Vichwa vya chati na jedwali havimo kwenye orodha hii hata kidogo. Vipitie kwa macho baada ya kumaliza. Chati iliyobandikwa kama picha haibadiliki; rudi Excel, rekebisha huko, ubandike upya.

## Dalili ya saba: ulisafisha Jumatatu, Alhamisi imechafuka

Mtu aliongeza slaidi mbili. Hakujua mmeamua nini, na hakuna mahali alipoweza kujulia, kwa kuwa uamuzi ulikuwa kichwani kwako na kwenye karatasi yako.

Uweke pale atakapoandika. Ndani ya `Slide Master`, kwenye kila mpangilio mdogo, kisanduku cha kichwa kina maneno ya kumwelekeza mwandishi, yale yanayosema `Click to edit Master title style`. Unaweza kuyafuta uandike yako. Mimi niliandika: "Herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina tu. Chama: kubwa." Maneno hayo huonekana kwenye slaidi mpya isiyojazwa, na hayatokei wakati wa kuonyesha. Mwandishi anayasoma sekunde ileile anapokaribia kuandika, kisha yanapisha kichwa chake.

Hayawezi kuzuia slaidi zinazobandikwa kutoka faili nyingine, kwa hiyo asubuhi ya mkutano niliendesha tena msimbo wa kuorodhesha. Vichwa vilikuwa 33 sasa. Cha 32 kilikuwa kigeni: "Mgawanyo Wa Salfa Kwa AMCOS". Niliteremsha "wa", "salfa" na "kwa" kwa mkono, nikaiacha AMCOS ilivyo, nikafunga faili.